Usilipie Muhogo Kabla Haujavunjwa

Kwenye masoko ya Dar es Salaam, kama Buguruni na Mabibo, muhogo hupangwa mafungu mafungu chini, na mteja huonyeshwa upande wake mzuri. Kwa kiazi kitamu, macho na vidole vinatosha kwa sehemu kubwa. Muhogo unataka zaidi ya hapo, kwa sababu unaweza kuwa mgumu, mnene na wenye gome safi, kumbe ndani umekwisha haribika.

Muhogo huanza kuharibika mara tu unapong'olewa. Ndani ya siku mbili au tatu huingia michirizi ya buluu iliyoiva kuelekea nyeusi, inayofuata mishipa ya mzizi. Chanzo chake ni hewa inayopenya palipojeruhiwa: pale jembe lilipokata, ncha ilipovunjika, au shingo iliyonyofolewa kwenye shina. Kwa hiyo anza kwa kutazama majeraha. Chagua mzizi uliobaki na kikonyo chake na usiokwanguka. Ukiona tope limeganda mahali pamoja, mwombe muuzaji alifute, maana chini yake huenda pana mkato. Kisha kwangua gome la kahawia kwa ukucha. Ganda la ndani, liwe jeupe au la waridi, linatakiwa liwe na majimaji.

Baada ya hapo omba uvunjiwe. Wauzaji wengi hawakatai.

"Kaka, nivunjie huu ncha."

"Huo wa leo, mama, umetoka Mkuranga alfajiri."

Muhogo mbichi hasa hukatika kwa mlio, nyama yake ni nyeupe tupu, na ganda huachana na nyama bila kung'ang'ania. Uliolala hupinda kwanza kabla ya kukatika. Tuseme umevunjika na umeona vidoa vya buluu pembeni, chini ya ganda. Mwambie akate tena, vidole viwili mbele. Nyama ikiwa nyeupe hapo, uharibifu umeishia kwenye jeraha. Kata ncha hiyo, ukapike leo leo. Michirizi ikiendelea, uache. Hata uchemshwe muda gani, sehemu hizo hubaki ngumu na ladha yake imepotea.

Kuna uharibifu mwingine ambao haumtokani muuzaji wala safari. Ukivunja ukakuta mabaka ya manjano au kahawia, makavu na magumu, yametapakaa katikati ya nyama, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unatokana na virusi vinavyoenezwa na nzi weupe na vipande vya shina vya kupandia vilivyoambukizwa. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 kutokana na utafiti wa Amani, kwenye milima ya Usambara, na ukanda wa pwani umekuwa nao tangu zamani. Muhogo wa namna hii unaweza kuwa umeng'olewa asubuhi hiyo hiyo. Wakati mwingine nje huonekana umebonyea kama uliofungwa kamba, lakini mara nyingi gome halisemi lolote. Ndiyo maana kuvunja mmoja hakutoshi kwa fungu zima: mizizi ya shina moja huweza kutofautiana. Vunjiwa angalau miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini ya fungu.

Na ukionja kipande kidogo kikawa kichungu, tema na uache. Uchungu huo unahusiana na sumu ya sianidi, na muhogo mchungu si wa kuchemsha tu. Ni wa kuloweka, kukausha na kusaga, kwa wanaojua kazi hiyo.

Kwa kiazi kitamu, adui ni fukusi. Tafuta vitundu vidogo vyeusi, hasa kwenye ncha ya juu, na unga mweusi unaotoka humo. Kiangazi ndipo wanapozidi, kwa kuwa ardhi hupasuka na kuwaachia njia ya kukifikia kiazi. Kiazi kilichoshambuliwa hutengeneza chenyewe kemikali chungu ya kujikinga, na moto hauiondoi. Uchungu huo huenda mbali kuliko tundu lenyewe, kwa hiyo usinunue ukitumaini kukata. Kiazi kilichonyauka au chenye ncha laini nacho kiache.

Kiazi kikuu ni rahisi zaidi. Kinyanyue: kinapaswa kuwa kizito kuliko kinavyoonekana. Bonyeza kichwani na mkiani kwa kidole gumba. Penye ulaini pameoza, na kuvu huanzia kwenye michubuko.

Ukifika nyumbani, menya muhogo siku hiyo hiyo. Usiopikwa utie kwenye maji safi ndani ya friji, ubadilishe maji kila siku, na uumalize katika siku mbili tatu. Usio na friji nunua wa kupika leo tu, hata kama fungu kubwa ni la bei nafuu.