Kipandauso Kinapobisha Hodi: Kitambaa cha Baridi, Giza na Utulivu

Ilikuwa alasiri ya msimu wa kaskazi, joto la Mombasa limetanda, na jikoni kwetu samaki wakikaangwa. Dada yetu mkubwa aliweka mwiko chini, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatuambia kwamba anaona vimulimuli vya mwanga vinavyopinda kama msumeno. Baada ya nusu saa vimulimuli vilitoweka, na mahali pake pakaingia maumivu ya kugonga, upande mmoja wa kichwa.

Sote tuliokuwepo tulimhurumia, na kwa huruma ile ile tukamzidishia. Mmoja wetu alimfukizia ubani. Mwingine alimkanda kipaji cha uso kwa kitambaa cha maji ya moto. Watoto waliingia na kutoka, kila mmoja akiuliza, "Dada, wajionaje sasa?" Dawa ya maumivu alipewa baada ya saa tatu nzima, alipokuwa amekwisha kutapika mara mbili, naye akaitapika nayo. Hakuinuka kitandani mpaka magharibi ya siku ya pili.

Hatukujua kwamba kipandauso si kichwa cha kawaida kilichozidi. Ni maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu, na wakati wa shambulio mishipa hiyo huwa nyepesi kupita kiasi, hata kitu kisichomuumiza mtu siku nyingine kikawa adhabu: mwanga, sauti, harufu, au hatua moja ya mguu. Shambulio lisilotibiwa huweza kudumu kwa mtu mzima kuanzia saa 4 hadi saa 72. Kwa hiyo kazi ya wenye nyumba ni mbili: kumwondolea mgonjwa vichocheo, na kuwahi.

Tuanze na baridi, kwa kuwa ndiyo inayowafaa wagonjwa walio wengi. Baridi hubana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kupunguza kasi ya mishipa ya fahamu kupeleka habari za maumivu. Mahali pake ni kipaji cha uso, panja la upande unaouma, na shingo. Katika utafiti mmoja uliofanywa Hawaii na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa waliozungushiwa shingoni kitambaa chenye barafu mwanzoni mwa shambulio walipata nafuu katika nusu saa ya kwanza kuliko waliozungushiwa kitambaa kisicho na baridi. Nafuu hiyo si kupona. Ni kupunguza makali huku dawa ikisubiriwa kufanya kazi.

Nyumbani hatuhitaji kifaa cha duka. Twagandisha chupa ndogo ya maji, twaizungushia taulo jembamba, na kuiweka nyuma ya shingo mgonjwa akiwa amelala. Kwenye kipaji twaweka kitambaa kilichochovywa katika maji ya barafu na kukamuliwa. Tunaviacha dakika 15 hadi 20, kisha tunaviondoa kwa muda kama huo kabla ya kurudia. Barafu isiguse ngozi yenyewe, kwani huiunguza kama moto uunguzavyo. Umeme ukikatika, maji ya mtungi yatosha, mradi kitambaa kibadilishwe kila kinapopata joto la mwili.

Na maji ya moto je? Yana mahali pake, lakini si panjani wala kwenye kipaji penye mgongo wa maumivu. Huko, kwa wengi, joto huzidisha kugonga. Faida yake ni kulegeza misuli iliyokaza, na wagonjwa wengi wa kipandauso hukaza shingo na mabega. Basi kitambaa cha vuguvugu, ambacho mkono waweza kukishika bila kukereka, kiwekwe juu ya mabega na misuli ya shingo kwa dakika 10 hadi 15. Kipimo ni mgonjwa mwenyewe: kichwa kikianza kugonga zaidi, kitolewe mara moja. Wapo wachache ambao joto huwafaa kuliko baridi, na hao wasilazimishwe barafu.

Kuhusu giza, wengine hudhani ni kudeka tu. Sivyo. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walieleza kuhusu wagonjwa wa kipandauso waliokuwa vipofu. Wale ambao macho yao, ingawa hayaoni sura ya kitu, bado yalihisi mwanga, walizidiwa na maumivu kila walipokaa mwangani. Wale ambao macho yao hayakuhisi mwanga kabisa hawakusumbuliwa nao. Basi mwanga una njia yake ya kufika penye maumivu ndani ya ubongo, na kufunga dirisha ni tiba ya kweli. Tundikeni leso nzito dirishani, zimeni taa na simu, na funikeni macho kwa kitambaa laini. Lakini shambulio likiisha, pazia lifunguliwe. Mtu akizoea kukaa gizani siku zisizo na maumivu, macho yake huzidi kuuogopa mwanga.

Pamoja na giza, udi, ubani na marashi viwe mbali, na mlango wa jikoni ufungwe. Mgonjwa alale kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, na usingizi ukimjia asiamshwe ili kuulizwa hali, kwani kwa wengi usingizi ndio unaokata shambulio. Kuinama huzidisha maumivu, hivyo asiyeweza kurukuu na kusujudu akumbuke kwamba mgonjwa ameruhusiwa kusali kwa kukaa, na akishindwa, kwa kulala ubavu.

Hata hivyo, baridi na giza havichukui nafasi ya dawa. Wakati wa kipandauso tumbo hupunguza mwendo wake, na kidonge kilichochelewa hukaa tumboni bila kufika kwenye damu. Ndiyo sababu dawa hunywewa maumivu yanapoanza, si yanapokomaa. Kwa mtu mzima, aibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula kidogo, au parasetamoli miligramu 1000, hutosha kwa wengi. Mjamzito, na mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo, asiguse aibuprofeni bila daktari; na aspirini asipewe mtoto. Hesabuni pia siku: anayemeza dawa za maumivu zaidi ya siku mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki, huweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe.

Kuna maumivu ambayo hayangoji kitambaa. Kichwa kilichopasuka ghafla kwa ukali usiopata kuonekana. Homa pamoja na shingo kukakamaa. Ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea. Kichwa baada ya kuanguka. Na kichwa cha mjamzito kinachofuatana na kuona ukungu au kuvimba uso: wote hao wapelekwe hospitali saa ile ile. Na mwenye homa na kichwa katika pwani yetu hii apimwe malaria.

Miezi miwili baadaye vimulimuli vilimrudia dada yetu. Safari hii alikula kipande cha mkate, akameza dawa yake, akaingia chumbani. Tulimtundikia leso dirishani, tukamwekea chupa ya barafu shingoni, tukawapeleka watoto kwa shangazi yao. Hakuna aliyemuuliza neno. Alasiri alilala, na baada ya swala ya isha alitoka mwenyewe, akaomba chai.