Kwa nini ukuta wa kuzuia udongo huinama mvua ikinyesha

Wakazi wengi wanaojenga kwenye miteremko huchimba ukingo ili kupata kiwanja tambarare, kisha hujenga ukuta wa mawe kuzuia udongo uliobaki juu usiporomoke. Ukuta huo unaweza kusimama wima kiangazi chote, halafu ukaanza kuinama katikati ya masika. Mara nyingi lawama humwangukia fundi kwamba alipunja simiti. Hata hivyo, kinachousukuma mara nyingi ni maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Chukua mfano wa ukuta wenye kimo cha mita 2 na urefu wa mita 10. Udongo wa kawaida ulio mkavu nyuma yake husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 1.2 katika kila mita ya urefu, yaani tani 12 kwa ukuta mzima. Udongo mkavu hujishikilia wenyewe kwa kiasi, ndiyo maana sehemu tu ya uzito wake huufikia ukuta. Maji hayajishikilii. Yakijaa nyuma ya ukuta hadi juu, husukuma kwa nguvu yao yote, na udongo nao huendelea kusukuma. Jumla hufika takriban tani 2.6 kwa mita, au tani 26 kwa ukuta wote. Ukuta uliojengwa kubeba tani 12 sasa unabebeshwa zaidi ya maradufu, na maji hayo hayo yamelainisha udongo ulio chini ya msingi wake.

Dawa yake ni matundu ya kutolea maji. Fundi hulaza vipande vya paipu ya plastiki, ya inchi 2 au 3, kupenya ukuta kutoka nyuma hadi mbele, vikiinama kidogo kuelekea nje. Mstari wa kwanza hukaa chini, sentimita 15 hadi 30 juu ya ardhi ya mbele, na kati ya tundu na tundu huachwa mita moja na nusu hivi. Matundu yakiwekwa juu pekee, maji yaliyo chini yake hubaki yamenaswa, na huko chini ndiko yanakosukuma kwa nguvu zaidi.

Tundu peke yake halitoshi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Udongo ukirudishwa moja kwa moja nyuma ya ukuta, tope huziba paipu baada ya misimu michache. Kinachotakiwa ni tabaka la kokoto safi, lenye unene wa sentimita 30 hivi, kutoka usawa wa matundu hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo hutandazwa kitambaa maalumu cha kuchujia, kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Sehemu ya juu kabisa hufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa, na mtaro huchimbwa ili maji ya mvua yaelekee kando. Udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua, haufai kujaziwa hapo kwa sababu huvimba unapolowa.

Mwenye nyumba anaweza kuukagua ukuta wake siku moja baada ya mvua kubwa. Tundu linalodondosha maji safi linafanya kazi. Likitoa maji ya tope, udongo wa nyuma unahama, na baadaye ardhi ya juu inaweza kutitia. Matundu yakiwa makavu huku mawe yamelowa au yana madoa meupe ya chumvi, huenda yameziba. Wapo wanaoyaziba wenyewe kwa simiti au matambara kwa sababu yanachafua ua.

Kuinama hupimwa kwa timazi. Teremsha uzi kutoka juu ya ukuta, andika umbali kati ya uzi na ukuta chini, kisha rudia kila wiki. Umbali huo ukibadilika, ukuta unatembea. Ufa mpya unaofunguka kati ya ukuta na udongo wa juu, au tumbo linalojitokeza katikati, ni dalili hiyo hiyo.

Paipu iliyoziba inaweza kuzibuliwa kwa fimbo wakati wa kiangazi. Ukuta ulioanza kuinama ni jambo tofauti: kuutoboa wakati maji yamejaa nyuma yake ni hatari kwa aliyesimama mbele. Waondoe watoto, mifugo na magari upande wa chini, elekeza kwingine maji ya paa na ya jikoni yanayomwagika upande wa juu, kisha mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Wanaopanga kujenga upya waombe idhini ya kaunti kwanza, na mchoro uonyeshe matundu, kokoto na mahali maji yatakapoishia, yasije yakamwagikia jirani wa chini.