Tazama Mteremko, Si Kimo

Muulize mwanafunzi wa umeme: wimbi la volti lenye umbo la pembetatu likiingizwa kwenye kapasita, mkondo unakuwa mkubwa kabisa wapi? Wengi watakuonyesha ncha ya juu ya pembetatu. Pale juu, kumbe, ndipo mkondo unapogeuka njia.

Kapasita haijali volti ni ngapi. Inachojali ni kasi ya volti kubadilika, na kanuni yake ni fupi: i = C × dv/dt. Tuchukue kapasita ya mikrofaradi 0.1, tuilishe volti zinazopanda kutoka 0 hadi 10 kwa milisekunde 1, kisha zinashuka hadi 0 kwa milisekunde 1 nyingine. Kupanda huko ni sawa na volti 10,000 kwa sekunde. Zidisha kwa ukubwa wa kapasita, unapata miliampea 1. Na kwa kuwa upande wa pembetatu ni mstari ulionyooka, mteremko wake ni ule ule chini, katikati na juu, kwa hiyo mkondo nao unabaki miliampea 1 muda wote wa kupanda. Ukifika nchani unaruka hadi miliampea 1 hasi na kutulia hapo hadi volti ziishe. Pembetatu imeingia, mraba umetoka.

Ukitaka kuuona mraba huo kwenye oskiloskopu, weka resista ya omu 100 mfululizo na kapasita, kisha pima volti zake. Miliampea 1 itaonekana kama milivolti 100. Kona za mraba zitakuwa zimeviringika kidogo. Usiilaumu kapasita. Jenereta nyingi za mawimbi zina omu 50 ndani yake, na ukijumlisha na zile 100 zako, mkondo unahitaji kama mikrosekunde 75 kutulia kila unapogeuka. Ndani ya milisekunde nzima hilo ni jambo dogo. Lakini ukibadilisha ukaweka kapasita ya mikrofaradi 10, muda wa kutulia unazidi milisekunde 7, na kioo hakitakuonyesha mraba tena.

Koili ni kapasita iliyogeuzwa: hapa volti ndizo zinazofuata mteremko wa mkondo, v = L × di/dt. Mfano mzuri uko chini ya boneti ya gari la petroli ambalo kifaa chake cha elektroniki cha kuwashia huwekea mkondo wa koili kikomo. Mkondo huo huchora trapeza: unapanda, unakaa juu kidogo, kisha unakatwa ghafla. Tuseme koili ni ya milihenri 4 na mkondo unafika ampea 6 kwa milisekunde 2. Hesabu inatoa volti 12, ndizo za betri. Mkondo ukikaa kwenye ampea 6, mteremko ni sifuri na volti za koili ni sifuri. Kisha transista inakata, na ampea zote 6 zinatoweka kwa mikrosekunde 80. Mteremko huo mkali unazaa volti 300 upande wa pili, hasi. Ndizo zinazomrusha fundi mkono, ingawa betri ni ya volti 12 tu. Mizunguko mingi ya waya mwembamba wa upande wa pili wa koili inazikuza hadi maelfu ya volti yanayohitajika kwenye plagi.

Kuna njia rahisi ya kujua kama umekosea hesabu: volti 12 mara milisekunde 2 ni 24, na volti 300 mara milisekunde 0.08 ni 24 pia. Mkondo ulioanza sifuri na kurudi sifuri lazima ulingane hivyo, usipolingana, rudia.

Koili halisi haifuati mchoro kikamilifu. Waya wake una ukinzani, tuseme nusu omu, kwa hiyo kwenye sehemu ile bapa mita itasoma volti 3 badala ya sifuri. Volti 9 zilizobaki zinaangukia kwenye transista inayozuia mkondo usizidi, na ndiyo maana kifaa hicho hupata moto.

Magari ya zamani yalikata mkondo kwa platini, na hapo kanuni zote mbili hukutana. Platini zinapoanza kuachana, nafasi kati yake ni ndogo mno kuhimili mamia ya volti. Kondensa iliyofungwa sambamba nazo, ya kama mikrofaradi 0.25, inaupokea mkondo wa koili. Ampea 4 zikiingia humo, volti zinaweza kupanda kama 16 tu kwa kila mikrosekunde, na platini zinapata muda wa kuachana vya kutosha. Kondensa ikikatika ndani, volti zinaruka mara moja, cheche inapasuka kwenye platini badala ya plagi, na gari linakataa kuwaka. Fungua kifuniko cha distributa utazikuta platini zimeungua, nyeusi.