Bei ya mita moja ya zege hutoka wapi?

Mafundi wawili wakiombwa bei ya kumwaga slabu ileile, mmoja anaweza kusema shilingi 230,000 kwa kila mita ya ujazo na mwingine 280,000. Mwenye nyumba hudhani wa pili ana tamaa. Mara nyingi tofauti yao iko kwenye mambo ambayo hakuna aliyeyaandika, na mkadiriaji majenzi huyaona kwa kuichambua mita moja tu.

Tuchukue zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne. Wengi huanzia kwenye kosa moja: wanagawa mita moja kwa saba, wanapata saruji mifuko minne na kidogo, na siku ya kumwaga saruji inawaishia katikati ya kazi. Vitu vikavu vikichanganywa hujazana. Mchanga huingia kwenye nafasi za kokoto, saruji ikaingia kwenye nafasi za mchanga, maji yakashikamanisha vyote. Ndiyo maana mita moja ya zege lililokwisha kushindiliwa huhitaji takriban mita 1.54 za vitu vikavu.

Gawa 1.54 kwa saba, unapata 0.22 kwa kila sehemu. Saruji ya ujazo huo ina uzito wa kilo 317 hivi, sawa na mifuko 6.3 ya kilo 50. Mchanga ni mita 0.44, kokoto 0.88. Ongeza asilimia tano ya kinachomwagika na kupotea, ufike kwenye mifuko 6.65, mchanga 0.46 na kokoto 0.92.

Sasa tuweke bei. Hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke za mtaani kwake, tena za mzigo ulioshushwa saiti, si za dukani. Saruji kwa 17,000 inakuwa 113,050. Mchanga kwa 30,000 ni 13,800. Kokoto kwa 60,000 ni 55,200. Maji tuyape 3,000. Vifaa vyote ni shilingi 185,050, na zaidi ya nusu yake ni saruji. Nondo na mbao za kufungia zege hazimo humu. Hizo hupigiwa hesabu zake, na fundi aliyezijumlisha kimyakimya ataonekana ghali bila kosa.

Hadi hapo mafundi hawatofautiani sana. Mchezo uko kwenye watu na mashine, kwa sababu hao hulipwa kwa siku, si kwa mita. Tuseme kuna vibarua 14 wa 15,000 na mafundi wawili wa 30,000: jumla 270,000 kwa siku. Mashine ya kuchanganyia, ya kutikisia na mafuta yake ni 140,000. Kwa siku moja, basi, zinatoka 410,000, zege limwagwe lisimwagwe.

Wakimwaga mita 10, kila mita inabeba 41,000, na gharama yake nzima ni 226,050. Weka asilimia 15 ya usimamizi na faida, bei inakuwa kama 259,960. Lakini siku ile maji yamechelewa, au kokoto zimerundikwa mbali na mashine, toroli zinazunguka, wakaishia mita sita. Kila mita sasa inabeba 68,333, na gharama imepanda hadi 253,383. Kati ya nyongeza ya karibu 34,000 kwa mita, imebaki kama 6,600 tu, na saruji haijapanda hata senti. Kwa hiyo fundi aliyetaja bei kubwa muulize kwanza: umekadiria mita ngapi kwa siku? Aliyetaja ndogo muulize hilohilo, maana akibanwa njia ya haraka ya kujiokoa ni kupunguza saruji.

Kuna mtego mwingine kwenye mchanga. Ukiwa na unyevu kidogo huvimba, wakati mwingine kwa robo ya ujazo wake, kwa hiyo mchanga wa mvua uliopimwa kwa boksi ni pungufu, na zege linalotoka linakuwa dogo kuliko lililohesabiwa. Lori nalo lipimwe urefu, upana na kina cha mzigo kabla halijamwaga. Neno “tripu” si kipimo.

Siku yenyewe, mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35, basi boksi la kupimia liwe la ujazo huo: mawili ya mchanga, manne ya kokoto kwa kila mfuko. Mwenye nyumba asiyetaka kusimama juani anaweza kuhesabu mifuko mitupu jioni. Slabu ya mita 10 inapaswa kuacha 63 hadi 66. Ikibaki 48, huna zege la 1:2:4, hata kama uso wake umesawazishwa vizuri.