Mnyororo wa Ugavi (2): Parachichi Iliyooza Baharini Iliharibikia Wapi?

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba mnyororo wowote wa ugavi unaweza kusomwa kwa kazi tano: kupanga, kutafuta mali, kutengeneza, kufikisha na kurejesha. Mfumo huo, unaofahamika kwa jina la SCOR, ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 na Baraza la Mnyororo wa Ugavi la Marekani. Leo tuupeleke Kiwira, wilayani Rungwe, kwenye barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela, ambako parachichi aina ya Hass imepata nafasi yake kando ya migomba. Faida kubwa ya mfumo huu haimo katika kuzitaja kazi hizo tano. Imo katika kututenganishia mahali ugonjwa unapouma na mahali ulipoanzia.

Tuchukulie msafirishaji wa kufikirika mwenye ghala la kufungashia wilayani humo. Amepata oda ya kontena moja la ubaridi la futi 40, lenye paleti 20. Kila paleti hubeba maboksi 264 ya kilo nne, jumla maboksi 5,280, sawa na kilo 21,120. Kontena linakaa baharini wiki kadhaa. Linapofunguliwa Ulaya, mnunuzi anakuta ndani ya boksi moja matunda yaliyokwisha kulainika na mengine magumu kama jiwe, na machache yameoza kuanzia kwenye kikonyo. Anatuma picha, kisha anakata sehemu ya malipo.

Hapo kila mtu humtazama mwenye kontena. Lawama hiyo huja haraka kwa sababu ugonjwa umejitokeza kwenye kazi ya kufikisha. Basi tuianze hiyo. Ndani ya kontena kuna kifaa kinachorekodi joto saa baada ya saa. Kama rekodi inaonyesha nyuzijoto tano au sita safari nzima, kontena halina kesi ya kujibu. Tena dalili yenyewe inalitetea: joto likipanda, matunda ya sehemu nzima hulainika kwa pamoja. Laini na gumu kukutwa ndani ya boksi moja ni ishara kwamba matunda hayo hayakuwa na umri mmoja tangu yalipofungwa.

Turudi nyuma hatua moja, kwenye kutengeneza. Kwa parachichi, kutengeneza ni kupokea, kuchambua, kupanga kwa ukubwa, kufungasha na kupoza. Hapa tunauliza saa ngapi zilipita tangu tunda lilipochumwa hadi lilipoingia kwenye chumba cha ubaridi. Kitabu cha ghala kina majibu, ikiwa kila kreti iliingia na kikaratasi cha jina la mkulima na saa ya kuchuma. Kwa msafirishaji wetu, kreti nyingi zina vikaratasi. Lakini sehemu ya mzigo ilifika kwenye viroba, usiku, haina jina wala saa. Uchunguzi wote unageukia viroba hivyo.

Sasa tupo kwenye kutafuta mali. Parachichi haiivi ikiwa mtini. Hukomaa ikiwa juu, kisha huiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi kujua kama tunda limekomaa. Tena mti unaweza kutoa maua zaidi ya mara moja, ukabeba matunda ya rika tofauti kwenye tawi moja. Kipimo cha kuaminika ni kukata vipande vyembamba vya nyama ya tunda, kupima uzito, kuvikausha kabisa, kisha kupima tena. Gramu 10 zikibaki gramu 2.3, tunda lina asilimia 23 ya kitu kikavu. Viwango vya kimataifa vya biashara huitaka Hass iwe na angalau 21. Tunda lililo chini ya hapo hukunjamana, likawa kama mpira, wala halilainiki vizuri. Kuoza kwenye kikonyo nako kuna chanzo chake: tunda limevutwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi, au limechumwa likiwa limelowa mvua, jambo la kawaida sana Rungwe. Kiroba kinaongeza michubuko, kwani matunda ya chini hubeba uzito wa yote yaliyo juu.

Hata hivyo ghala lilikuwa na wakulima wake walioandikishwa, na miti yao ilikuwa imepimwa. Viroba vilitoka wapi?

Jibu limo kwenye kupanga. Mpangaji alikadiria kwamba katika kila kilo 10 zitakazoletwa, nane zitafaa kusafirishwa. Kwa hesabu hiyo alihitaji kilo 26,400, akapanga siku za kuchuma na magari kulingana nazo. Mavuno yalipofika, yaliyofaa yalikuwa kilo sita na nusu katika kila 10, kwa kuwa matunda mengi yalikuwa madogo kuliko alivyotazamia. Kwa kiwango hicho alihitaji karibu kilo 32,500. Pengo ni kama tani sita, na nafasi kwenye meli ilikuwa imeshalipiwa. Akapiga simu kwa madalali. Usiku huohuo wakakusanya mzigo kando ya barabara, kila mmoja kutoka kwa watu asiowafahamu. Tunda lililolainika Ulaya liliharibikia kwenye karatasi ya makadirio, kabla halijakatwa mtini.

Ndiyo maana wataalamu wa mfumo huu hawaridhiki na kipimo cha kazi moja moja. Huuliza ni oda ngapi zilifika kamili, kwa wakati, bila kasoro na zikiwa na nyaraka sahihi, yote manne kwa pamoja. Kila kimoja kikitimia mara 95 katika 100, na kasoro zikiwa hazihusiani, oda zilizonyooka kote ni kama 81 tu. Kila idara itajisifu kwa 95 yake huku mnunuzi akilalamika, na pande zote mbili zitakuwa zinasema kweli.

Kurejesha ndiko kunakosahauliwa zaidi. Parachichi iliyokataliwa Ulaya hairudi Rungwe. Kinachorudi ni picha, tarehe na makato, na namba iliyo kwenye boksi. Namba hiyo ikimfikia mkulima husika, msimu ujao atachuma kwa namna nyingine. Ikiishia ofisini, hakuna kilichorejeshwa. Kuna pia kreti tupu. Zikichelewa kurudi shambani, mkulima huchumia alichonacho, nacho ni kiroba. Hapo kosa la kurejesha hujitokeza likiwa limevaa sura ya kosa la kutafuta mali.

Dawa kwa msafirishaji wetu inaanzia wiki mbili kabla ya kuchuma: kupima ukomavu na ukubwa kwenye miti michache ya kila shamba, kisha kuandika upya makadirio ya yatakayofaa kabla ya kulipia meli. Ikibidi, paleti chache ziachwe wazi. Hasara yake inahesabika mapema, tofauti na makato ya mnunuzi.

Mfumo una mpaka wake. Haukuundwa kueleza masoko na mauzo, kwa hiyo hautakuambia kwa nini mkulima aliyeandikishwa anaweza kuuza sehemu ya mzigo wake kwa dalali wa barabarani. Dokezo lipo kwenye kipimo kimoja tu, siku zinazopita tangu fedha kutoka mfukoni hadi kurudi. Ghala linalipa baada ya mzigo kuchambuliwa, pengine baada ya mnunuzi wa ng'ambo kulipa. Dalali analipa palepale, kwa fedha taslimu, na mkulima ana ada ya mtoto inayodaiwa wiki hii.