Damu Inapokosa Njia Kwenye Ini

Kandokando ya Ziwa Viktoria, mvuvi anaweza kutapika damu beseni zima bila kusikia maumivu yoyote. Mara nyingi chanzo ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hunaswa ndani ya ini, na makovu yake huibana mishipa inayopokea damu kutoka kwenye utumbo na bandama. Damu iliyozuiwa hupita pembeni, kwenye vimishipa vya umio, navyo hutuna huku kuta zake zikiwa nyembamba mno. Kimoja kikipasuka, presha iliyo nyuma yake huendelea kuisukuma damu nje. Tena bandama iliyovimba imekwisha kuzinasa chembe nyingi za kugandisha damu. Ukiona matapishi ya damu au choo cheusi kama lami, usingoje kukuche. Mkimbize mgonjwa hospitali usiku huohuo.