Notisi ya Likizo ya Uzazi Inapochelewa

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mama mwajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sharti ni kwamba atoe notisi ya maandishi siku 7 kabla. Wengi husoma mpaka hapo na kufunga kitabu. Sentensi yenyewe inaendelea: siku hizo zinaweza kupungua, mradi muda uliobaki uwe wa haki kulingana na hali ilivyokuwa.

Mchukue karani mmoja wa Mombasa. Anatarajia kujifungua tarehe 20 Juni, na amepanga kuanza likizo tarehe 1. Tarehe 12 Mei anakwenda kliniki, presha inapimwa na kukutwa juu, na daktari anaagiza asirudi kazini. Notisi yake haifiki hata siku moja.

Barua nyingi za namna hii huharibika kwa kuomba radhi. Aya tatu za samahani, na hakuna tarehe hata moja. Anayezisoma ofisini hatafuti majuto. Anataka kujua mwombaji alijua lini na alitoa taarifa lini. Kwa karani wetu, barua inatosha hivi:

“Naomba muda wa notisi ya likizo yangu ya uzazi ufupishwe. Nilipanga kuanza tarehe 1 Juni. Jana, tarehe 12 Mei, daktari aliniagiza niache kazi mara moja. Kabla ya hapo sikuwa na dalili yoyote. Naomba kuanza leo, tarehe 13 Mei, na kurudi kazini tarehe 13 Agosti. Cheti cha daktari nimekiambatisha.”

Tarehe ya kurudi isiachwe, kwa kuwa sheria inataka notisi ioneshe pia nia ya kurudi kazini. Mwajiri akidai cheti, cha mkunga aliyehitimu nacho kinakubalika. Kisirudishwe nyuma tarehe: kliniki ina daftari lake, na cheti kikipingana nalo, hata sababu ya kweli itatiliwa shaka.

Kabla ya kutia sahihi, aulize jambo moja. Akianza likizo ya uzazi tarehe 13 Mei, wiki zitakazopita kabla ya kujifungua zinakatwa kwenye miezi ile 3. Kama amefanya kazi hapo miezi 2 au zaidi, kifungu cha 30 kinampa likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Anaweza kuomba aanze na hiyo.

Na aliyesahau tu? Aseme amesahau. Ugonjwa wa kubuni hugeuza kosa dogo la utaratibu kuwa kosa la nidhamu.

Tanzania Bara hesabu ni nyingine: notisi ya likizo ya uzazi hutolewa miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua inayotarajiwa.